Faiba ya 50 Mbps, chumbani napata 11: kosa la laini au la nyumba?

Mpangaji_Mbezi: Wakuu, naombeni msaada. Nalipia faiba ya 50 Mbps, lakini nikipima kasi chumbani napata 11, na mikutano ya kazi inakatika. Kampuni inasema laini ni nzima. Nina laptopu mbili. Nijuaje mkosaji kabla sijagombana nao?

Kijana_Simu: Weka DNS 8.8.8.8. Kwangu kwenye simu ilisaidia sana.

FundiWaya: DNS inatafuta anwani ya tovuti tu, haiongezi kasi ya kupakua. Mkuu, weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kwenye laptopu zote mbili. Moja ichomeke kwa kebo kwenye rauta, uandike:

```
iperf3 -s
```

Nyingine nenda nayo chumbani, uandike IP ya ile ya kwanza:

```
iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -R
```

Hiyo `-R` inafanya data zitoke kwenye kebo zije chumbani, kama unavyopakua. Hazigusi intaneti kabisa. Ukipata 12, nyumba ndiyo inabana. Ukipata 200 huku kipimo cha intaneti kikibaki 11, tafuta kosa upande wa laini. Usiweke zote mbili kwenye waifai, zitagombania hewa ileile na namba itashuka karibu nusu.

Dada_wa_Tanga: Mimi ilikataa kuunganika, nikadhani rauta imekufa. Kumbe Windows Firewall ilikuwa imezuia poti 5201. Na laptopu ya pili ilikuwa kwenye waifai ya wageni, ambako vifaa havionani.

Mpangaji_Mbezi: Chumbani 13, nikifungua mlango 19. Zote mbili zikiwa kwenye kebo, 94.

Bwana_Kebo: 94? Rauta mbovu hiyo! Inatakiwa 940.

FundiWaya: 940 ni pale kila kipande kikiwa cha gigabiti. 94 ina maana kipo kinachoishia 100: labda tundu la laptopu ya zamani, labda waya mmoja ndani ya kebo umekatika. Kwa laini ya 50 haimdhuru. Mpangaji, sasa pima intaneti kwa kebo.

Mpangaji_Mbezi: Mchana 48. Lakini jana saa 3 usiku, kebo ileile, intaneti 9. Nikarudia iperf papo hapo: 94.

FundiWaya: Basi una matatizo mawili. Chumbani ni waifai. Angalia kama laptopu imeshika 2.4 GHz, ujaribu 5 GHz, ingawa ukuta mnene huikata zaidi. Ya usiku haiko kwenye kebo zako. Ila iperf haikupima rauta inavyopeleka data nje, wala haijui nani mwingine nyumbani alikuwa anapakua saa hiyo.

Mpangaji_Mbezi: Shemeji huangalia mpira mtandaoni saa hizo. Leo nitamwomba azime, nipime tena saa 3, ndipo nipige simu.