Tupeane uzoefu: athi ya pili kwenye kiini cha transfoma

Mwanzisha mada: Klampu mita kwenye waya wa athi ya kiini inasoma ampea 12, wakati kawaida ni miliampea tu. Mnaanzia wapi?

KoiliTatu: Mimi naona athi mbili ni salama zaidi. Moja ikikatika, nyingine inabaki.

Mzee wa Mafuta: Kwa tangi, sawa kabisa. Kiini ni habari nyingine. Kimekaa katikati ya koili zenye volti kubwa, kwa hiyo bila athi kinapanda volti na kurusha cheche kwenye tangi. Athi moja inamaliza shida hiyo. Ya pili inafunga duara: kiini, waya, tangi, kisha kurudi kwenye kiini. Usumaku unaopita ndani ya duara hilo unaligeuza kuwa mzunguko wa koili uliopigwa shoti.

Pigeni hesabu. Koili ya kV 33 iliyofungwa nyota ina volti 19,050 kwa fezi. Ikiwa na mizunguko 300, kila mzunguko unabeba volti 63.5. Duara likizunguka sehemu moja ya kumi tu ya usumaku, linapata volti 6.35. Ukinzani wa omu 0.2 unatoa kama ampea 32, yaani wati 200 hivi, na sehemu kubwa ya joto inakusanyika kwenye mguso mdogo kama kichwa cha msumari. Mafuta yanaungua hapo hapo.

Fezi R: Si mzigo haujalingana tu? Nyutro ya kwangu inasoma ampea 9 kila jioni.

Mzee wa Mafuta: Hiyo ni nyutro, waya mwingine kabisa. Hapa tunaongelea ule wa bushingi ndogo juu ya kifuniko.

Mpimaji: Zima, kata pande zote, weka athi za usalama, ndipo ufungue kiungo cha hiyo bushingi. Usikifungue transfoma ikiwa na umeme, ncha itapanda volti za kuua. Piga mega ya volti 500 kati ya kiini na tangi. Chini ya megaomu 10 ni tatizo. Mega ikigota sifuri, chukua maltimita: omu chache ni chuma kimegusa chuma, kiloomu nyingi mara nyingi ni unyevu au tope chini ya tangi. Peleka na mafuta maabara. Ethilini na methani zikipanda huku kaboni monoksaidi imetulia, karatasi za koili hazijaguswa.

KoiliTatu: Kwa hiyo klampu ikisoma sifuri, kiini kizima?

Mpimaji: Si lazima. Miguso miwili ya bahati mbaya inaweza kuzungusha mkondo bila kupita kwenye waya unaoupima.

Mwanzisha mada: Nimezima na kupima. Omu 4.

Fezi R: Chaji kapasita uipigie hapo, unyuzi wa chuma utaungua.

Mzee wa Mafuta: Kama ni unyuzi. Kama ni boluti iliyopoteza insulesheni, kapasita haitafanya kitu. Hata unyuzi ukiungua, vipande vinabaki ndani.

Mpimaji: Mimi ningeijaribu kabla ya kuinua kifuniko. Wakati wa kusubiri, rezista ya omu mia kadhaa kwenye kiungo inashusha mkondo.