Kurasa 33 hadi 48 hazimo kwenye moduli: niombe muda au niwasilishe nilichonacho?

Mwanafunzi wa Songea
Habari zenu, wanajukwaa. Ninasomea ualimu kwa masafa, na moduli yangu ya upimaji na tathmini inaruka kutoka ukurasa wa 32 hadi wa 49. Zoezi lina maswali manne, na la tatu linataka tuandae jedwali la utahini, mada ambayo orodha ya yaliyomo inaonyesha imo kwenye kurasa hizo. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa ijayo. Je, nimwombe mkufunzi wiki mbili, niwasilishe maswali matatu, au niazime kurasa kwa mwenzangu?

Mama Mwalimu
Pole sana. Mimi moduli yangu nzima ilichelewa kwenye basi, nikapewa muda bila maswali. Omba tu.

Mkufunzi Mstaafu
Mama Mwalimu, mzigo uliochelewa una stakabadhi ya basi. Kurasa zilizokosekana mkufunzi hazioni. Zimepungua 16 kamili, jambo linaloashiria kosa la kiwandani, kwa kuwa vitabu vingi hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kurasa 16 kwa pamoja, na mkunjo mmoja ukirukwa, namba huruka hivyo hivyo. Piga picha ya ukurasa wa 32 na wa 49 vikiwa vimefunuliwa pamoja, na nyingine ya jalada. Kisha muulize mwenzako kuhusu nakala yake. Ikiwa kamili, kuazima ndiyo njia ya haraka, na ombi la wiki mbili litakuwa gumu kulitetea.

Mdau wa Tanga
Sikubaliani. Kosa si la mwanafunzi, hivyo muda ni haki yake, hata akiandika baada ya Ijumaa.

Mkufunzi Mstaafu
Kosa si lake, hapo umesema kweli. Lakini barua ikifika baada ya tarehe, mkufunzi hana namna ya kuitofautisha na ya mtu aliyefungua moduli usiku wa mwisho. Tena, kuomba wiki mbili kwa zoezi zima ilhali maswali matatu yanajibika kunalidhoofisha ombi. Mimi ningeandika hivi: «Mwalimu, naomba niwasilishe swali la 1, la 2 na la 4 Ijumaa kama ilivyopangwa, na la 3 siku saba baada ya kupokea kurasa 33 hadi 48, ambazo hazimo kwenye nakala yangu kama picha zinavyoonyesha.» Siku zihesabiwe tangu kurasa zifike, maana hujui kituo kitazileta lini.

Mwanafunzi wa Songea
Ahsante, mzee wangu. Mwenzangu wa Mbinga amejibu kwamba na yake inaruka pale pale.

Mkufunzi Mstaafu
Basi andikeni pamoja, leo hii, na nakala iende kwa mratibu wa kituo, kwa sababu huenda wengine wana upungufu huo bila kujua.

Mdau wa Tanga
Na mkufunzi akikataa kupokea zoezi vipande viwili?

Mkufunzi Mstaafu
Hilo hutegemea taratibu za chuo chenu. Mwulizeni kwenye barua hiyo hiyo.