Mrejesho: paka wangu amekubaliwa

Niliuliza: "Mkataba unakataza wanyama. Nimwombeje mwenye nyumba nifuge paka?"

Wadau, amekubali. Sikuishia kumwambia "ni mpole". Nilimwandikia kwamba ni jike wa miaka 4, amefungwa kizazi, hujisaidia kwenye sanduku la mchanga na kucha hunolea gogo nililolizungushia kamba. Nikaahidi amana ya ziada, nusu ya kodi ya mwezi.

Alipokuja kumwona, paka mwenyewe kajichimbia chini ya kitanda!

Ubishi ulikuwa neno moja: aliandika amana "hairudishwi". Nikamwambia hiyo sasa ni ada. Tukarekebisha: inarudi yote, isipokuwa gharama ya uharibifu wa paka, kwa risiti. Tumesaini kiambatisho, na picha za milango na zulia zenye tarehe.