Tupeane uzoefu: barua yako ya kuacha kazi uliipitiaje kabla ya kuikabidhi?

Kipanga: Wakuu, mdogo wangu kaniletea barua niipitie. Inaanza hivi: “Baada ya kuvumilia miaka minne bila kuthaminiwa, naomba kuacha kazi mwezi ujao.” Nimemwambia aikalie kwanza. Zenu mlizipitiaje?

Bibi Faili: Nimefanya kazi utumishi muda mrefu. Hiyo “kuvumilia” itabaki kwenye faili hata bosi aliyemuudhi akishahama, na atakayeombwa kumdhamini kesho ataisoma bila kujua kisa. Lakini mimi kinachonitisha zaidi ni “naomba” na “mwezi ujao”. Akiomba, atakaa akisubiri wamjibu. Atoe taarifa, na ataje siku ya mwisho kwa tarehe.

Mzee wa Stoo: Tarehe ndiyo iliyonitesa mimi. Barua niliiandika 3 Machi, bosi akaipokea 6 Machi, notisi siku 30. Nilihesabu kuanzia kesho yake baada ya kuandika, nikapata 2 Aprili. Wao wakahesabu kuanzia kesho yake baada ya kupokea, wakapata 5 Aprili. Siku tatu tu, ila kwa kazi mpya nilishaahidi kuripoti tarehe 3!

Bibi Faili: Kwa kawaida walikuwa sahihi, ingawa mkataba ndio wa kuangalia. Ungeandika: “Notisi yangu ya siku 30 inaanza 7 Machi, na siku yangu ya mwisho kazini ni 5 Aprili,” kisha ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Chausiku: Mimi nasema mistari miwili inatosha. Sababu usiandike kabisa, hawana haja nayo.

Bibi Faili: Mara nyingi ndiyo. Ila anayeondoka kwa kutolipwa au kunyanyaswa, na anafikiria kudai haki, akiandika “naondoka kwa hiari, nashukuru kwa yote” barua hiyo hiyo itatumika kumpinga. Huyo apate ushauri wa sheria kabla ya kukabidhi chochote.

Chausiku: Hapo bado sikubali. Malalamiko yana barua yake.

Dogo Fundi: Na mimi niliyefukuzwa bila barua, nianzie wapi?

Mzee wa Stoo: Dogo, fungua uzi wako, hapa ni wanaoondoka wenyewe.

Kipanga: Nimempigia. Aya ya kwanza kaifuta, tarehe kaweka. Sasa kagoma kuandika “nashukuru”, anasema ni unafiki.

Bibi Faili: Asilazimishwe, shukrani ya uongo inanuka kwenye karatasi. Hakuna hata kitu kimoja alichofundishwa pale?

Kipanga: Anasema alifundishwa kufunga hesabu za mwezi.

Bibi Faili: Basi aandike hilo, na kwamba atamwachia atakayempokea maelezo ya kazi zilizo mezani. Aishie hapo, asaini.