Tupeane uzoefu: utitiri ulivyokusumbua, na picha iliyokuonyesha ukweli

MamaBilinganya: Majani ya bilinganya yana vidoa vyeupe vidogo mno, kama yamepulizwa unga. Nimeweka mbolea mara mbili, havipungui. Picha hiyo hapo. Aliyewahi kupatwa na hili anisaidie.

KijaniTupu: Njaa ya magnesiamu hiyo.

MzeeShamba: Hapana ndugu. Magnesiamu ikipungua, jani hupauka kwa mabaka mapana kati ya mishipa, kuanzia majani ya chini. Hapa kila kidoa kimejitenga na ni kidogo kama ncha ya sindano, maana utitiri hutoboa na kufyonza ukijani. Ila picha imepigwa juu ya jani, nao hukaa chini yake. Dada, chuma jani moja, ligeuze, ulilaze mezani. Bana lenzi ya kukuzia kwenye simu, elekeza kando ya mshipa mkuu. Zima taa ya simu, mwanga utoke ubavuni, ndipo utando wao utameremeta. Huna lenzi? Usiisogeze simu karibu mpaka picha iwe na ukungu. Rudi nyuma kidogo, kisha kuza mara 2.

KijaniTupu: Basi vithiripi. Navyo huacha weupe.

MzeeShamba: Huacha weupe, kweli, lakini wa michirizi inayong'aa kama fedha, na vinyesi vyeusi juu yake. Tusubiri picha.

Mchumanyanya: Utando! Nyanya zangu zilifungwa ncha zote kwa utando, majani yakawa ya rangi ya shaba, mstari mzima ukakauka. Nilipiga dawa ya jamii ya pairethroidi mara 3, kila baada ya wiki, na kila mara utitiri walizidi. Nilikuwa naua wadudu wanaowala, wao wanabaki. Ukiona utando kwa macho, ujue umechelewa.

BustaniYaNyuma: Hata mimi, vivyo hivyo.

Saumu: Maji ya kasi chini ya majani yanatosha, msimtishe.

Mchumanyanya: Hayatoshi! Mayai hubaki. Rudia kila siku 4 au 5 joto likiwa kali, ama unacheza.

MamaBilinganya: Picha mpya. Naona vitone duara vinavyopitisha mwanga, maganda meupe, na vidudu vya miguu 8 vyenye madoa mawili meusi ubavuni.

MzeeShamba: Umemaliza ubishi. Vitone ni mayai, maganda ni ngozi walizovua. Lakini tazama kona ya kulia: huyo wa rangi ya chungwa, anayeng'aa, umbo la pea, hana madoa. Huenda ni utitiri mwindaji, anayewala wenzake. Usipige dawa kwanza.

Saumu: Utitiri jike wa kawaida naye hugeuka chungwa kukiwa na baridi.

MzeeShamba: Kweli. Mwindaji hukimbia, na picha haionyeshi mbio. Dada, chukua video ya sekunde 10 ya jani hilohilo.

MamaBilinganya: Nimelitupa jani. Nakwenda kuchuma lingine.