"Kuuma risasi": ni maneno ya hospitali ya vita au ya mtu anayechapwa?

Mtafsiri wa Zamu ya Usiku: Natafsiri habari redioni. Juzi waziri wa nchi moja alisema serikali yake lazima "bite the bullet" kuhusu ruzuku ya mafuta, nikaandika "serikali italazimika kuuma risasi". Mhariri kakata mstari mzima. Anasema msemo umetoka kwa majeruhi waliokatwa miguu bila ganzi, na kwa Kiswahili hauna maana. Ni kweli? Na Waingereza wenyewe huutumiaje?

Jicho la Sinema: Mhariri wako yuko sawa. Filamu zote za ile vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani zinaonyesha: msumeno, chupa ya pombe, na risasi katikati ya meno. Na risasi zenye alama za meno zimeokotwa kwenye viwanja vya mapigano. Sioni la kubishania hapo.

Mzee wa Maktaba: La kubishania lipo, ndugu yangu, tena linaanzia kwenye hizo filamu. Vita ya Marekani ilipiganwa 1861 hadi 1865. Dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston mwezi Oktoba 1846, na klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka uliofuata. Kwa hiyo madaktari wa vita ile walikuwa na dawa zote mbili, na upasuaji mwingi ulifanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Sikatai kwamba kuna siku dawa iliisha mtu akakatwa hivyo hivyo. Lakini hebu mfikirie mtu aliyelala chali, anarusha miguu, na mdomoni ana kitu kidogo kama gololi. Akivuta pumzi kwa nguvu kinamshuka kooni. Ukitaka kumpa mtu cha kuuma utampa kipande cha ngozi au kijiti, kitu chenye ncha mbili zinazobaki nje ya mdomo.

Ushahidi wa maandishi ulio mkongwe unatupeleka kwingine kabisa. Francis Grose, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, alitunga kamusi ya maneno ya mitaani. Katika toleo la 1796 ameeleza jina ambalo askari walimpa mwenzao anayepiga kelele akichapwa: walimwita kwa jina la ndege wa Ulaya anayeimba usiku. Sisi pengine tungemwita chiriku. Grose anasema katika baadhi ya vikosi ilikuwa ni suala la heshima kutolia chini ya mjeledi wa mikia tisa, na ili wasilie, walitafuna risasi.

Itazame picha yenyewe. Mikuki mitatu imefungwa juu, miguu imetanuliwa kama mafiga. Askari amefungwa hapo akiwa amesimama, mgongo wazi, kikosi kizima kimepangwa kumtazama, na anayechapa ni mpiga ngoma wa kikosi. Risasi ile haimpunguzii maumivu hata kidogo. Inampa tu taya kazi ya kufanya ili sauti isitoke. Mgonjwa wa kwenye filamu anauma kwa sababu hawezi kuvumilia. Huyu anauma kwa sababu ameamua kuvumilia.

Mvuvi wa Pangani: Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji, ila risasi nazijua. Nyie mnasahau kwamba kwa Kiswahili risasi si ile ya bunduki tu, ni madini yenyewe. Chubwi la mshipi ni risasi. Marehemu baba alikuwa akipasua chubwi kwa kisu, anapitisha mshipi kwenye ufa, kisha analibana kwa meno ya pembeni. Ukilitoa majini utaona vishimo viwili vya magego, kama umeng'ata jibini. Kwa hiyo kuuma risasi kunawezekana kabisa, meno hayavunjiki. Msiige lakini, ile kitu ni sumu.

Mzee wa Maktaba: Umenifurahisha, maana hapo Kiswahili kinaeleza jambo ambalo Kiingereza kimelificha. Wenzetu wana neno moja la madini na jingine la kitu kinachotoka kwenye bunduki, ndiyo maana msomaji wao wa leo anashangaa mtu anaumaje chuma. Risasi ya gobori la Waingereza wakati ule ilikuwa tufe la madini hayo laini, upana kama milimita 17, uzito gramu thelathini na kitu. Linajaa shavuni.

Na hizo alama za meno alizozitaja Jicho la Sinema zipo kweli, ila waliozichunguza wamegundua nyingine zilitafunwa na nguruwe waliokuwa wakifukua ardhi baada ya mapigano. Alama ya jino haikuambii mwenye jino alikuwa akikatwa mguu. Huenda alikuwa amechoka lindo tu.

Kijana wa Historia: Wote mmeikosa. Asili yake ni India 1857. Askari wa Kihindi walipewa bunduki mpya za Enfildi, na ili kupakia ilibidi ung'ate risasi yenyewe. Wakasikia imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, wakaasi. Kuuma risasi maana yake ni kukubali jambo linalokwenda kinyume na dini yako.

Mzee wa Maktaba: Nusu yako ni kweli. Uasi ulikuwepo, uvumi wa mafuta ulikuwepo, na kung'ata kulikuwepo. Ila kilichong'atwa ni karatasi. Baruti na risasi vilifungwa pamoja kwenye karatasi. Askari anachana ncha kwa meno, anamimina baruti kwenye mtutu, kisha risasi inafuata. Zaidi ya hapo, toleo lile la Grose lilitoka miaka 61 kabla ya uasi huo. Mtoto hamzai babu yake.

Nikubali udhaifu wa upande wangu pia. Grose anasema "kutafuna", na anaeleza desturi, haelezi msemo. Msemo tunaukuta kwa Rudyard Kipling, katika riwaya ya 1891, mtu akimwambia rafiki yake anayepofuka aume risasi wasije wakadhani anaogopa. Na Kipling anaandika "bite on the bullet", kuna kineno cha ziada ambacho leo kimedondoka. Katikati pana karibu miaka mia. Viboko vilifutwa katika jeshi la Uingereza 1881, miaka kumi kabla ya riwaya ile. Naona maneno yalibaki mdomoni mwa askari baada ya mjeledi kwenda, lakini siwezi kuapa kwa hilo. Ninachokiona tu ni kwamba Kipling naye anazungumzia kutoonyesha woga, hazungumzii daktari.

Mama Nasra: Samahanini, mimi niliposoma kichwa cha habari nikadhani mnaongelea ganzi. Nimeng'olewa gego kwenye zahanati moja, sindano haikushika, nikauma fundo la kanga mpaka likalowa. Miezi miwili nilikuwa naahirisha, nasukutua maji ya chumvi, natia karafuu, mpaka shavu likavimba nikasema potelea mbali, nikapanda daladala. Basi hiyo ndiyo kuuma risasi au siyo?

Mwalimu wa Kidato cha Nne: Ndiyo, dada, ila si pale unapopadhania. Ulipouma fundo la kanga, Mwingereza hasemi hivyo. Hapo ulikuwa unateseka tu. Kuuma risasi ni pale uliposema potelea mbali ukapanda daladala. Nawafundisha wanafunzi wangu watafute mambo mawili: jambo chungu lisilokwepeka, na mtu aliyekuwa akilikwepa ambaye sasa amekata shauri. Ndiyo maana baada ya msemo huja karibu kila mara tendo lenyewe: "She finally bit the bullet and went to the dentist." Lile "finally" ndilo miezi yako miwili ya maji ya chumvi.

Makosa ninayoyasahihisha ni yale yale kila mwaka. Mwanafunzi anaandika "My uncle bit the bullet of malaria". Malaria hukuiamua, imekujia. Mwingine anaandika "they bit the bullets" kwa kuwa watu ni wengi. Hata wakiwa elfu, risasi ni moja. Na kuna aliyeandika kwamba babu yake "bit the bullet in 1998" akimaanisha alifariki, amechanganya na "bite the dust". Wakati uliopita ni "bit", na baada ya "have" ni "bitten". "I have bit" utaisikia mitaani, kwenye mtihani sitakupa alama.

Msomi wa Kona: Ongeza moja. Wanafalsafa wanautumia kwa namna yao. Mtu akishikilia kwamba kusema uongo ni kosa siku zote, unamuuliza: muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako aliyejificha chumbani, utamwambia ukweli? Akijibu "ndiyo, nitamwambia", hapo wanasema ameuma risasi. Amekubali tokeo baya la hoja yake ili asiiache hoja.

Nairobi Mjini: Sasa turudi kwa waziri. Waziri akisema wananchi waume risasi, mbona yeye haumi? Kwa hiyo hadithi ya Mzee, anayeuma ni aliyefungwa kwenye mikuki. Mwenye mjeledi hana kitu mdomoni. Mimi nasema hayo ni matumizi mabaya ya msemo.

Mwalimu wa Kidato cha Nne: Ni siasa mbaya, pengine, lakini si Kiingereza kibaya. Magazeti yao yanaandika hivyo kila wiki: kampuni, serikali, wapiga kura, wote wanauma. Na waziri wa huyu mtafsiri alisema serikali, hakusema wananchi.

Nairobi Mjini: Ruzuku ikiondolewa nani analipa kwa pampu? Serikali haina meno.

Mvuvi wa Pangani: Mimi nikisikia redioni serikali "itauma risasi" nadhani imekula shaba. Yaani imepigwa, imepinduliwa! Ningepandisha sauti nijue majenerali ni akina nani.

Mwalimu wa Kidato cha Nne: Ndiyo hatari yenyewe. Sisi tunasema kupiga moyo konde.

Nairobi Mjini: Kupiga moyo konde ni ujasiri, hakuna uchungu ndani yake. Mtu anapiga moyo konde akaenda kuposa. Ukiniambia "kujikaza kisabuni" nitakubali, hapo angalau mtu anaumia kimyakimya. Lakini waziri wa fedha hawezi kujikaza kisabuni kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Na misemo mingapi tumeitafsiri neno kwa neno, leo hakuna anayeishangaa? Mngewaacha watu waing'ate miaka kumi wangeizoea.

Mzee wa Maktaba: Kwenye riwaya, ndiyo. Kwenye habari msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma.

Mtafsiri wa Zamu ya Usiku: Asanteni. Usiku wa jana habari ile ilirudi. Niliandika "serikali imepiga moyo konde na kuondoa ruzuku ya mafuta, baada ya kuahirisha mara mbili". Mhariri kapitisha, ila kafuta "baada ya kuahirisha mara mbili". Anasema sentensi ilikuwa ndefu.