Nimedai riba ya malipo yaliyocheleweshwa, nikajibiwa "Serikali haina kasma ya riba"

Mzee wa Zege:
Wakuu, nimevurugwa. Nilijenga madarasa kwa ofisi moja ya umma. Hati ya malipo ya pili, shilingi 73,000,000, msimamizi wa mradi aliisaini tarehe 3 Machi 2025. Mkataba unasema nilipwe ndani ya siku 28, na wakipitisha hapo wanalipa riba. Hela imeingia 26 Septemba! Miezi yote hiyo mhasibu anasema fedha hazijatoka Hazina. Mwaka wa fedha ukafungwa, foleni ikaanza upya. Mafundi wananidai, duka la nondo linanidai, benki inakata marejesho yake kila mwezi bila huruma.

Nimeandika barua ya kudai riba. Jibu lina mistari mitatu: hakuna kasma ya kulipa riba, na tarehe nilizotumia "haziendani na mkataba". Mimi nilipochelewa siku 9 kukabidhi jengo la kwanza walinikata fidia siku hiyohiyo, hawakutafuta kasma. Mkataba gani huu unaombana mmoja tu?

Bint Ally:
Pole kaka. Ila riba ni haramu, mimi nisingeiomba. Dai fidia ya hasara.

Mzee wa Zege:
Dada, nakuelewa, lakini mkataba umeandika riba. Nikibadilisha jina watasema nadai kitu ambacho hakimo.

Mkadiriaji Mstaafu:
Umehesabu kuanzia tarehe gani?

Mzee wa Zege:
Tarehe 17 Februari, siku nilipopeleka ankara.

Mkadiriaji Mstaafu:
Hapo ndipo walipokukamatia. Siku 28 zinaanza kuhesabiwa tangu hati iliposainiwa. Kwako zinaisha 31 Machi, riba inaanza 1 Aprili hadi siku hela ilipoingia. Hizo ni siku 179. Ukiongeza hata wiki mbili ambazo si zako, unampa mwanasheria wao sababu ya kuitupa barua nzima.

Kiwango je? Mikataba mingi ya ujenzi ya aina yako inasema kiwango cha mikopo ya biashara kilichopo wakati huo. Soma pia Masharti Maalumu, maana yanaweza kuwa yamebadilisha.

Mzee wa Zege:
Masharti Maalumu hayajagusa riba. Nilitumia 15% ya mkopo wangu.

Mkadiriaji Mstaafu:
Basi omba benki ikuandikie barua ya kuthibitisha kiwango hicho, uiambatishe. Wanaweza kubishana nacho, lakini wabishane na karatasi. 73,000,000 kwa 15%, gawanya kwa 365, ni shilingi 30,000 kwa siku. Mara siku 179 ni 5,370,000. Iweke hesabu hiyo ndani ya barua, na utaje namba ya kipengele cha mkataba. Ambatisha hati iliyosainiwa na taarifa ya benki inayoonyesha siku ya kupokea. Mwandikie Afisa Masuuli, usimwandikie mhasibu. Pitishia masijala, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na hilo la kasma lisikutishe. Ni shida ya bajeti yao. Halifuti kipengele walichosaini.

Wakili wa Kijiweni:
Barua za nini? Fungua kesi wiki hii.

Mkadiriaji Mstaafu:
Kesi ipo, lakini huwezi kuamka tu ukaishtaki Serikali. Lazima utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na mkataba wake huenda una mwamuzi wa kupitia kwanza. Barua hii ndiyo itakayoonyesha kwamba alidai, wakakataa.

Mama Mchele:
Mimi nilipeleka mchele na maharage shule, nina LPO tu. Miezi minane sijalipwa. Nami nidai riba?

Mkadiriaji Mstaafu:
Geuza nyuma ya hiyo LPO usome kama kuna masharti ya malipo. Kama hakuna neno la riba, kazi yako ni ngumu kuliko yake. Andika kwanza kudai deni lenyewe, uambatishe hati ya kupokelea mzigo. La riba sitaki kukudanganya.

Mzee wa Zege:
Mzee, shukrani. Naiandika upya leo, Jumatatu iko masijala. Ila kuna jingine: wameniita nisaini hesabu ya mwisho ili waachie fedha za matazamio wanazonishikilia, na kuna mstari unasema sina dai lolote tena.

Mkadiriaji Mstaafu:
Usisaini hivyo! Riba iingie kwenye hiyo hesabu, au uandike pembeni kwamba dai lako la riba linabaki, kwa tarehe na namba ya barua.

Mzee wa Zege:
Wamesema nikiandika chochote pembeni hawaipokei. Na hizo fedha za matazamio ndizo mshahara wa mafundi.